Barua ya kuomba ufadhili wa bweni: mtoto kaandika yake, mjomba kaifuta yote. Tutume ipi?

mama_mdogo

Wakuu, habari zenu. Nina mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 14, anaomba ufadhili wa sekondari ya bweni. Fomu ameshaijaza karibu yote, imebaki sehemu moja inayosema: "Tueleze wewe ni nani, kwa nini unaomba ufadhili huu na utautumiaje. Yasizidi maneno 300." Mwisho wa kutuma ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Aliandika yake kwenye daftari. Mjomba wake akaisoma, akasema hii ya kitoto, akakaa nayo jioni nzima akarudi na hii (naweka mwanzo tu):

> Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na kiu isiyo kifani ya elimu, kwani elimu ni ufunguo wa maisha. Mimi ni msichana mwenye bidii, nidhamu na kipaji cha uongozi. Licha ya changamoto lukuki zinazoikabili familia yangu, katu sijakata tamaa. Endapo mtanipatia fursa hii adhimu, nitakuwa chachu ya maendeleo katika jamii yangu...

Ya mtoto mwenyewe ilikuwa hivi, neno kwa neno:

> Naomba bweni kwa sababu nyumbani sipati muda wa kusoma. Mama anaingia kazini usiku na mimi nakaa na mdogo wangu. Namfundisha hesabu. Napenda hesabu ila muhula wa pili nilipata 48. Naomba mnisaidie.

Nikisoma ya mjomba simwoni mtoto wetu. Nikisoma ya mtoto naona haijashiba. Tutume ipi?

Kifaru_wa_Jioni

Dada, ya mjomba ina lugha nzuri ila haina uchungu. Ufadhili ni wa wenye shida, kwa hiyo shida ndiyo ianze. Aeleze mama anavyohangaika, aeleze siku walizolala na njaa, anayesoma machozi yamtoke. Na hiyo 48 itoe haraka sana. Nani anajichongea mwenyewe kwenye barua ya maombi?

fundi_saa

Mimi ninavyojua barua hii anaandika mwalimu wa darasa, kwenye karatasi yenye kichwa cha shule, na mhuri juu yake. Mtoto akijiandikia mwenyewe hawaipokei. Nilihangaikia ya kijana wangu mpaka nikaijua.

mama_mdogo

@fundi_saa hiyo ni barua ya mapendekezo kaka, ipo na mwalimu ameshaiandika. Hii ni ya mtoto mwenyewe kujieleza.

@Kifaru_wa_Jioni hawajawahi kulala na njaa. Dada ana kazi, mshahara ndiyo mdogo.

mzee_wa_mafaili

Nilikaa kwenye kamati ya kuchagua watoto wa ufadhili miaka saba kabla ya kustaafu, ngoja niseme ninachokijua.

Usitume ya mjomba. Siyo kwa sababu ina makosa, haina hata moja, na hapo ndipo shida ilipo. Barua haifiki peke yake mezani. Kwenye fomu hiyo hiyo kuna visanduku vidogo alivyojaza binti kwa mkono wake, kama "somo unalolipenda na sababu". Pale ameandika kama mtoto, halafu unafungua ukurasa unaofuata unakutana na "chachu ya maendeleo". Msomaji hahitaji kuwa mpelelezi. Sisi tulikuwa tunaandika pembeni kwa penseli "mtu mzima", kisha tunaendelea na faili lingine. Wala hatukuwa tumekasirika. Tatizo ni kwamba hatukuwa tumepata kitu cha kumjua mtoto.

Na akibahatika kuitwa kwenye usaili, barua inakuwa imewekwa mezani. Mtu atamuuliza: "Umesema una kipaji cha uongozi, tusimulie siku moja uliyoongoza." Mtoto atasimulia nini, wakati hiyo sentensi hata hajawahi kuiwaza?

Sasa ya binti. Ni fupi mno, hilo kweli. Lakini ina vitu viwili ambavyo ya mjomba haina hata kimoja: "namfundisha hesabu" na "nilipata 48". Hivyo ndivyo vya kuchimba.

Kifaru, kuhusu 48 hapana. Ripoti za shule zinaambatanishwa na kila anayesoma faili huanza nazo. Alama iliyoshuka bila maelezo huacha msomaji ajijazie sababu mwenyewe, na mara nyingi hujaza mbaya kuliko ukweli. Kuhusu shida uko sahihi nusu. Lazima isemwe, asiione haya. Ila kipato cha mama kina sehemu yake kwenye fomu, kwa tarakimu. Kwenye barua aseme shida hiyo inagusaje masomo yake. Njaa ambayo haikuwepo asiiandike kabisa.

Kifaru_wa_Jioni

Sawa mzee, la njaa nalifuta. Lakini nimeona wanaolia ndio wanaopata.

mzee_wa_mafaili

Wapo waliopata wakiwa wamelia, sikatai. Ila kumbuka siku hiyo umesoma barua arobaini, na zote zinalia. Ya arobaini na moja ikilia pia, unakumbuka nini?

binti_wa_pwani2

Naomba nilete yangu japo siyo ushauri. Nilipokuwa na miaka 13 niliomba ufadhili na kaka yangu akaniambia niandike nataka kuwa mhandisi wa ndege, kwamba wanapenda ndoto kubwa. Nikaandika. Nikaitwa. Mama mmoja mpole kabisa akaniuliza, "Kwa nini ndege?" Nikanyamaza. Akanisaidia, "Uliwahi kuiona kwa karibu?" Nikasema hapana. Hadi leo nikikumbuka ule ukimya masikio yanapata moto.

Sikupata. Mwaka uliofuata niliandika kwamba sijui bado nitakuwa nani ila napenda kufungua vitu nione ndani, nikaeleza habari ya kengele ya baiskeli niliyoifungua nikashindwa kuirudishia. Nikapata. Ila mwaka huo na alama zangu zilikuwa zimepanda, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni barua.

mama_mdogo

Mzee nimekuelewa, ila tunachimbaje? Nimemwambia aandike zaidi, kakaa saa nzima kaongeza "mimi ni mtoto mtiifu" na "napenda kusoma vitabu". Basi.

mzee_wa_mafaili

Usimwambie aandike. Ukimpa mtoto kalamu na kumwambia ajieleze, ataandika anachodhani wakubwa wanataka, na utiifu ndiyo wa kwanza. Mwache aongee. Kaeni mahali, washa kinasa sauti cha simu, umuulize maswali ya mambo yaliyotokea. Usimuulize "unajisikiaje kuhusu hesabu". Muulize mara ya mwisho alimfundisha mdogo wake lini. Walikuwa wanafanya hesabu gani, namba zenyewe. Mdogo alikwama wapi. Alisema nini. Yeye alifanya nini. Halafu muulize habari ya ule muhula wa pili: nini kilibadilika, alifanya nini baada ya kuona 48, na muhula wa tatu alipata ngapi.

Dakika kumi zinatosha. Usimsahihishe anapoongea. Kisha msikilize wote wawili, na yeye mwenyewe ndiye ayaandike. Wewe kalamu usiishike.

mama_mdogo

Wakuu, nimerudi. Jana jioni tumefanya kama mzee alivyosema. Mimi nilikuwa sijui haya, na dada yangu pia alikuwa hajui.

Kumbe mwezi uliopita walikuwa wanafanya 52 kutoa 27. Akamwambia mdogo wake mbili haitoshi kutoa saba, kwa hiyo tunakopa kumi. Yule mdogo (miaka 8, ana mdomo huyo!) akauliza: "Tunakopa kwa nani, na tutarudisha lini?" Binti anasema alikosa jibu, maana yeye huwa anakopa tu kwa sababu alifundishwa akope. Akaenda kuchukua njiti za kiberiti, akazifunga kumi kumi...

Nimecheka, halafu nikanyamaza. Ameandika rasimu nzima mwenyewe, maneno 290. Lakini tukaweka kwenye mtandao kujaribu, ikakatika katikati ya sentensi! Karatasi inasema maneno 300, kisanduku cha mtandaoni kinapokea herufi 1,800.

mzee_wa_mafaili

Hiyo hutokea, na ubaya wake ni kwamba kisanduku hakikwambii kimekata. Nimewahi kusoma barua iliyoishia "na sababu kubwa kabisa ni". Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu na nafasi nazo zinahesabiwa, kwa hiyo maneno 290 yanakaribia herufi 1,900. Alenge maneno 250 na mkishabandika msome mpaka nukta ya mwisho kama ipo.

Tuonyeshe sentensi zenyewe unazoona nzito, tupate pa kupunguza.

mama_mdogo

Habari ya njiti sitaki iguswe. Ila baada yake kuna hizi:

> Kutokana na tukio hilo nimejifunza kwamba uvumilivu ni muhimu katika maisha.

> Nikipata ufadhili naahidi nitakuwa wa kwanza darasani kila muhula.

> Mimi ni mtoto mtiifu na mwenye bidii.

> Baba alituacha nikiwa na miaka 9 na tangu hapo mambo yakawa magumu.

mzee_wa_mafaili

Ya kwanza ifutwe. Kisa chenyewe hakina uvumilivu hata chembe, kina mtoto aliyegundua kwamba alikuwa halielewi jambo alilokuwa analifundisha. Ule "nimejifunza" aliuongeza kwa sababu insha za shuleni humalizikia hivyo.

Ya pili ni ahadi asiyoweza kuitimiza peke yake. Shule hiyo itajaa watoto waliochaguliwa kama yeye, na kila darasa lina wa kwanza mmoja. Ya tatu nina kipimo chake: chukua sentensi, jiulize kama mtoto mwingine yeyote aliyeomba angeweza kutia sahihi chini yake. Kama angeweza, haimsaidii binti wenu.

Ya baba ni mambo ya nyumba yenu, lakini kabla haijaenda muulizeni mama yake. Barua itasomwa na watu wasiowajua. Mimi ningeandika tu "naishi na mama na mdogo wangu".

Kifaru_wa_Jioni

Hapo mzee nakupinga. Fomu ina sehemu ya baba, si ndiyo? Ikibaki tupu, watajiuliza. Wewe mwenyewe umesema kuhusu 48 kwamba msomaji akiachwa atajaza mabaya.

mzee_wa_mafaili

Hoja yako ina uzito, nakiri. Tofauti ninayoiona ni kwamba 48 ni yake, na habari ya baba ni ya watu watatu. Lakini wenzangu wawili kwenye kamati walikuwa na mawazo kama yako, na hatukuwahi kukubaliana.

binti_wa_pwani2

Kwenye fomu aandike "hatuishi naye", kwenye barua asiandike kitu. Anaweza kuulizwa ana kwa ana, na hapo atajibu au atasema hapendi kulizungumza.

mama_mdogo

Dada amesema hataki iwe kwenye barua. Binti kasema yeye haoni tatizo kuiandika. Mpaka sasa imetoka, ila nyumbani bado wanavutana.

Na mjomba ameuliza: "Makosa ya herufi mtaacha hivyo hivyo ili aonekane mtoto?" Ameandika "nimezifunguwa" na "tukatowa".

fundi_saa

Yaacheni. Wakiona kosa watajua kweli ni mtoto.

mzee_wa_mafaili

Hapana kaka, kosa linaloweza kurekebishwa lirekebishwe. Ila atakayerekebisha ni yeye. Weka alama pembeni ya mstari kwamba hapa kuna neno, usimwambie ni lipi. Akilipata, sawa. Asipolipata baada ya kutafuta, mwonyeshe. Kinachokatazwa ni wewe kubadilisha "nililala juu ya daftari" kuwa "nilizidiwa na uchovu".

Jambo moja limebaki. Msomaji makini akifika mwisho atauliza: huyu akienda bweni, yule wa miaka 8 atakaa na nani usiku? Amesema yeye ndiye anayekaa naye. Kama hakuna jibu, kamati itaogopa kwamba muhula wa kwanza tu atarudishwa nyumbani. Hilo tumewahi kuliona likitokea, na nafasi haikupata mtu tena.

mama_mdogo

Mzee, hilo hatukuwa tumelifikiria kabisa. Nimezungumza na dada usiku huu. Nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, mtoto atalala kwangu siku za zamu. Kwa hiyo barua imenipa kazi na mimi!

Hii hapa ya mwisho. Ameniruhusu kuiweka.

> Mdogo wangu ana miaka 8. Mimi ndiye ninayemsimamia kazi za shule jioni kwa sababu mama anaingia kazini usiku. Mwezi uliopita tulikuwa tunafanya 52 kutoa 27. Nikamwambia mbili haitoshi kutoa saba, kwa hiyo tunakopa kumi. Akaniuliza, "Tunakopa kwa nani, na tutarudisha lini?" Sikuwa na jibu. Huwa nakopa tu kwa sababu nilifundishwa hivyo.
>
> Nilichukua njiti nikazifunga kumi kumi. Yakawa mafungu matano na njiti mbili za peke yake. Nilipofungua fungu moja nikaona kumbe hatujakopa kwa mtu. Zilikuwa njiti zetu wenyewe, tumezifungua tu. Tukatoa, zikabaki 25. Yeye alielewa, na mimi pia ndiyo siku nilielewa.
>
> Muhula wa kwanza nilipata 70 kwenye hesabu. Muhula wa pili nilipata 48. Ndiyo wakati mama alipoanza zamu ya usiku. Nilikuwa naanza kusoma mdogo wangu akishalala, na mara nyingi nililala juu ya daftari. Baadaye nikamwomba mwalimu niwe nabaki darasani nusu saa kabla ya kwenda nyumbani. Muhula wa tatu nilipata 61.
>
> Naomba bweni kwa sababu nataka saa za jioni za kusoma. Mshahara wa mama hautoshi ada ya bweni, kiasi tumekiandika kwenye fomu. Sijui bado nitakuwa nani. Najua nataka kuendelea na hesabu mpaka niweze kujibu maswali kama lile la mdogo wangu. Nikiondoka, atakuwa analala kwa mama mdogo siku za zamu. Njiti nitamwachia.

binti_wa_pwani2

"Tutarudisha lini." Huyo mdogo naye muandalieni fomu yake mapema.

Kifaru_wa_Jioni

Mimi bado naona shida imesemwa kwa upole mno. Ila "nililala juu ya daftari" imenigusa, sidanganyi.

mzee_wa_mafaili

Ningeliuliza jambo moja tu: ile nusu saa ya mwalimu, mwalimu ameitaja kwenye barua yake ya mapendekezo? Siyo lazima. Ila barua mbili zikikutana mahali pamoja bila kupangwa, msomaji huona.

mama_mdogo

Sijui ameandika nini, ilifungwa kwenye bahasha na hatukuifungua.

Imeingia yote kwenye kisanduku, nukta ya mwisho ipo. Mjomba ameisoma mara mbili, kasema sentensi ya njiti pale mwishoni "haina hadhi ya kufungia barua". Binti kamjibu kwa adabu, "Mjomba, lakini ndivyo nitakavyofanya." Tunatuma kesho asubuhi.